Tunakuchimbia kisima: nilivyoandika upya skrini ya kwanza ya tovuti ya mchimba visima

Mzee mmoja mwenye kampuni ndogo ya kuchimba visima hapa Dodoma alinipigia simu akiwa amekereka. Tovuti alikuwa nayo, ametengenezewa na kijana mwingine, na kwa macho ilikuwa inapendeza. "Binti yangu," akaniambia, "watu wanaingia humo, wananitumia ujumbe, halafu wananiuliza mnafanya nini. Sasa tovuti nimeweka ya nini?"

Tulipokutana niliifungua mbele yake kwenye simu yangu. Juu kabisa palikuwa na nembo kubwa, chini yake picha tatu zinazopokezana zenyewe. Ya kwanza tone la maji linadondoka. Ya pili watu wawili wa suti wanapeana mikono. Ya tatu ndiyo mashine ya kuchimbia, lakini inachelewa kufika, na wengi huwa wameshaondoka. Maneno juu ya picha yalikuwa "Karibu Kwenye Tovuti Yetu", kisha "Ubora Ndiyo Fahari Yetu", kisha "Mshirika Wako wa Maendeleo". Ili nilikute neno "kisima" nilisukuma skrini juu mara tatu.

Nikamwomba afunike nembo kwa kidole gumba, asome tena. Bila ile nembo, "Ubora Ndiyo Fahari Yetu" ingeweza kuwa ya shule ya chekechea, ya duka la vigae au ya wakopeshaji. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza siku zote: kichwa kinachoweza kuhamia kwa jirani asiyefanya kazi yako hakijasema unachofanya.

Sikuanza kuandika siku hiyo. Nilimwomba simu ya ofisi, tukakaa na daftari, tukasoma ujumbe wa wateja wa miezi miwili iliyopita, mmoja baada ya mwingine, huku nikinakili maneno yao kama walivyoyaandika. Kwenye vipeperushi vyake kampuni ilijieleza kuwa inatoa "suluhisho endelevu la upatikanaji wa maji". Hakuna mteja hata mmoja aliyetumia lugha hiyo. Waliandika "nataka kuchimbiwa kisima", "mita moja shilingi ngapi", "mnafika Kongwa?", na swali lililojirudia kuliko yote, "mkichimba mkakosa maji inakuwaje?" Ukiishi huku kwetu unalielewa swali hilo. Mtu amenunua kiwanja nje ya mji, bomba halijamfikia, amekusanya pesa kwa taabu, na anamjua jirani aliyechimba akapata vumbi, au akapata maji ya chumvi.

Basi maswali manne hayo ndiyo yakawa mali ghafi ya skrini ya kwanza: unafanya nini, wapi, gharama naijuaje, na hatari ni ya nani.

Kichwa alichokuja nacho mzee kilikuwa "Maji Safi, Maisha Bora". Ni kizuri kwenye fulana, lakini anayeuza maji ya chupa naye angekitumia. Changu cha kwanza nacho kilikuwa kibaya kwa namna nyingine: "Kampuni ya uchimbaji wa visima virefu na upimaji wa maji chini ya ardhi kanda ya kati." Kila neno hapo ni kweli, ila msomaji anapita nomino baada ya nomino kabla hajajua nani anamfanyia nani nini. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba Kiswahili kinatupa kitu cha bure. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtendaji, wakati na mtendewa. "Tunachimba visima" tayari ni sentensi kamili. Lakini wateja wenyewe hawakuandika "kuchimba", waliandika "kuchimbiwa". Nikakifuata kinyambuo chao: "Tunakuchimbia kisima". Ile "-ku-" ndiyo msomaji mwenyewe, amekaa katikati ya kitenzi. Na kisima ni kimoja, kwa sababu yeye anataka kimoja, cha kwake. Tukaongeza mahali: "Tunakuchimbia kisima, Dodoma na Singida".

Wapo watakaosema kwamba mtu akitafuta Google anaandika "uchimbaji wa visima Dodoma", kwa hiyo kichwa kiwe hivyo. Maneno hayo nimeyaweka kwenye `<title>`, ambayo huonekana kwenye kichupo cha kivinjari na mara nyingi ndiyo Google huonyesha kwenye matokeo yake, ingawa wakati mwingine huibadilisha. Kichwa cha ndani ya ukurasa, yaani `<h1>`, ni cha mtu aliyekwisha kufika. Viwili hivi havilazimiki kufanana, mradi vinasema jambo moja.

Mstari wa chini ya kichwa ulituchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu mzee alitaka tuandike "Maji uhakika asilimia mia". Nilikataa, na tulibishana kwa heshima zote. Kipimo cha kupitisha umeme ardhini kinaonyesha tabaka zipi zina dalili ya maji. Hakithibitishi yatatoka mengi kiasi gani, wala hakikuapii kwamba yatakuwa matamu. Yeye analijua hilo kuliko mimi. Ahadi inayokaa juu kabisa ya ukurasa ndiyo mteja atakayoishika siku mashine imetoka mikono mitupu, kwa hiyo nilimuuliza: siku hiyo wewe huwa unafanya nini hasa? Akajibu bila kusita kwamba wakikosa maji humtoza mteja nusu ya pesa ya kuchimba. Miaka yote hiyo ndivyo alivyofanya, na hakuwahi kuliandika popote! Mstari ukajiandika wenyewe: "Tunapima kwanza, unajua gharama kabla mashine haijatoka, na tukikosa maji unalipa nusu tu ya pesa ya kuchimba."

Bei ya mita hatukuiweka. Mwamba wa Chamwino na mchanga wa Bahi havichimbwi kwa jasho moja, na bei moja kwenye kichwa ingemdanganya nusu ya wasomaji. Ila "unajua gharama kabla" inajibu hofu iliyo nyuma ya swali.

Kisha kitufe. Cha zamani kiliandikwa "Wasiliana Nasi" na kilifungua fomu ya visanduku saba. Mtu wa kisima ana jambo moja tu ambalo kampuni inahitaji kulijua kwanza, nalo ni kiwanja kiko wapi. Kwa hiyo kitufe kikasema hivyo, na kikaenda moja kwa moja WhatsApp na ujumbe ulioanzwa tayari:

```html
<h1>Tunakuchimbia kisima, Dodoma na Singida</h1>
<p>Tunapima kwanza, unajua gharama kabla mashine haijatoka,
na tukikosa maji unalipa nusu tu ya pesa ya kuchimba.</p>
<a href="https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Nataka%20kuchimbiwa%20kisima.%20Kiwanja%20kiko%20">
Tuambie kiwanja kilipo</a>
```

Namba kwenye kiungo hicho huanza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo hakimfikishi mtu, na wewe hutajua, kwa sababu anayeshindwa hakwambii.

Maneno yalipokamilika, kiolezo cha tovuti, yaani ule muundo wake uliopangwa tayari, kikatukwamisha. Simu nyingi za kawaida za Android zina upana wa pikseli 360 kwa hesabu ya kivinjari. Ukitoa nafasi ya pembeni 16 kila upande, unabaki na 328 za maandishi. Kiolezo kiliweka kichwa ukubwa wa 48, kwa sababu aliyekibuni alikuwa na maneno mafupi mafupi akilini. Neno "Tunakuchimbia" lina herufi 13 na kwa ukubwa huo, kwa herufi nzito, halikuenea. Lilikatika ukingoni mwa skrini. Hili tunalikuta mara nyingi sana sisi tunaoandika Kiswahili, na dawa si kutafuta neno fupi lisilo na maana. Dawa ni kushusha ukubwa kwenye simu. Nilishusha hadi 30 nikaridhika, nikakosea, na nitaeleza punde.

Kosa jingine lilikuwa urefu. Kiolezo kiliagiza sehemu ya kwanza iwe `100vh`, yaani ijaze urefu wote wa skrini, na kitufe kikae chini yake kabisa. Kwenye kompyuta ilikuwa sawa. Kwenye simu, `100vh` huhesabiwa kana kwamba upau wa anwani umeshajificha, na mtu anapofungua ukurasa upau huo bado upo, hivyo kitufe kilizama nje ya skrini. Niliondoa urefu huo kabisa, nikaacha maneno yaamue, na chini ya kitufe nikaiacha picha ya mashine ichungulie kidogo ili mtu aone kwamba chini kuna kitu. Ukilazimika kujaza skrini nzima, `100svh` ndiyo inayohesabu nafasi inayoonekana kweli.

Picha ni moja tu sasa, mashine yao wenyewe kwenye udongo wetu mwekundu, imepunguzwa uzito. Hakuna neno lililochorwa ndani yake, kwa hiyo hata mtandao ukisuasua kichwa na kitufe vinatangulia kuonekana.

Nikaenda nayo kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, kwa watu nisiowajua. Unamwonyesha mtu skrini kwa sekunde tano, unaigeuza, unamuuliza mambo matatu: hawa wanafanya nini, wako wapi, na ukiwataka ungebonyeza wapi. Usimsaidie, na usimuulize kama amependa, maana atakujibu kwa adabu. Nilianza na ukurasa wa zamani kwa watu watatu. Mmoja akasema wanauza maji ya kunywa, wawili wakasema shirika la misaada. Wengine watano niliwaonyesha mpya. Wote walisema kisima, wote walijua pa kubonyeza. Lakini wawili walisema hawa watu wako Singida.

Niliduwaa mpaka nilipoitazama simu vizuri. Kwa ukubwa wa 30 kichwa kilikuwa kimevunjika mistari mitatu, na "Singida" ilikuwa imebaki peke yake mstari wa mwisho, jicho linaishia hapo. Nikashusha hadi 26. Sasa mstari wa kwanza ni "Tunakuchimbia kisima," na wa pili "Dodoma na Singida". Niliwarudia watu wengine wanne kesho yake, na mahali wakapataja pote.

Ujumbe wa "mnafanya nini" umekoma. Unaokuja sasa unaanza na "Nataka kuchimbiwa kisima. Kiwanja kiko", kisha jina la kijiji, na mara nyingi picha ya eneo lenyewe. Mwezi uliopita mzee ameanza kuuza pampu za sola, akataka ziingie kwenye kichwa. Tumeziweka hatua moja chini, baada ya picha ya mashine, kwa kuwa kwenye daftari letu wanaouliza pampu ni wale waliokwisha kuchimbiwa.