"Nimeshamwambia kila kitu": dhana potofu za kukabidhiana zamu dukani

Kazi yangu ni kufunga hesabu za maduka ya rejareja hapa Kigoma, mengi yakiwa Mwanga na Ujiji. Kila mwezi hesabu zikigoma, jibu ninalopewa ni lile lile: "Lakini nilimwambia." Na nikidai maandishi, naletewa kauntabuku ambayo yule wa asubuhi ameandika vile vile alivyoongea. Hapo ndipo ninapochoka.

Dhana: Kuandika makabidhiano ni kuyahamishia daftarini yale uliyoyasema.

Hebu tuchukue maongezi ya kawaida ya saa 8 mchana, kijana wa asubuhi anamwachia mwenzake kaunta:

"Dogo, droo ina kama laki na nusu hivi, bosi alipita akachukua yake. Nimetoa ya maji na ya mkokoteni. Jamaa wa boti kabeba sukari, atalipa akirudi. Yule mama naye kapunguza deni lake. Unga umekuja, mmoja umepasuka. Mafuta yanaelekea kuisha. Friji inasumbua. Halafu kuna elfu kumi siielewi, nimeiweka pembeni. Zingine zipo kwenye simu. Haya, mimi naenda."

Hakuna uongo hata mmoja humo ndani. Lakini ukiyanakili hivyo hivyo, yule wa jioni hawezi kuhesabu chochote. Pesa ya droo haielezwi kwa "kama". Inaelezwa kwa safari yake: ilianza ngapi, ikaingia ngapi, ikatoka ngapi, inatakiwa iwe ngapi, na mkononi zimepatikana ngapi. Yule kijana nilimrudisha kwenye daftari lake la mauzo, tukayaandika upya hivi:

Chenji ya kuanzia: 50,000
Mauzo yote ya zamu: 312,000
Toa yaliyolipwa kwa simu: 48,000
Toa yaliyokopwa (sukari kilo 2): 6,000
Mauzo ya taslimu: 258,000
Deni la zamani lililolipwa taslimu: 8,000
Matumizi (maji 4,000, mkokoteni 5,000): 9,000
Alichochukua mwenye duka, saa 6 mchana: 150,000
Inayotakiwa kuwemo kwenye droo: 157,000
Iliyohesabiwa: 154,500, ikiwemo noti 1 ya 10,000 yenye shaka
Pungufu: 2,500

Hebu angalia ule mstari wa deni la zamani. Wengi huuchanganya na mauzo ya leo, na matokeo yake bidhaa ile ile inauzwa mara mbili kwenye vitabu: siku ilipokopwa na siku ilipolipwa. Ile 8,000 inaingia kwenye droo na inafutwa kwenye daftari la madeni. Kwenye mauzo haigusi.

Noti yenye shaka nayo isichanganywe na zingine. Inawekwa kwenye bahasha yake, inaandikwa namba yake, na haitoki kama chenji hata droo ikikauka vipi, kwa sababu kumpa mteja noti unayojua ni bandia ni kosa la jinai. Benki ndiyo itakayosema. Kwa hiyo yule wa jioni ana 144,500 za kufanyia kazi. Akiambiwa "laki na nusu" atajiona ana 5,500 zaidi ya alizo nazo.

Tuje kwenye mzigo. "Unga umekuja" si hesabu. Asubuhi ilikuwepo mifuko 4 ya kilo 25, imeingia 10, imeuzwa 3, inatakiwa ibaki 11, na 11 ipo. Ule uliopasuka upimwe: ulikuwa na kilo 22. Basi iandikwe kilo 3 zimepotea, ulifika ukiwa umepasuka, na aliyeuleta ametia sahihi kwenye karatasi ya mzigo au hajatia. Kesho kutwa msambazaji akija, mnamwonyesha hiyo karatasi. Sisemi muhesabu duka zima kila zamu, hilo haliwezekani. Hesabuni vile vinavyotoka haraka au vinavyoingia mfukoni kirahisi: sukari, unga, mafuta, sigara, vocha.

Na "mafuta" yapi? Kwa hapa kwetu yanaweza kuwa mawese, ya alizeti, ya taa au ya kupaka. Ilikuwa mawese, dumu la lita 20. Chovya kijiti, pima: lilibaki kama robo, yaani lita 5 hivi. Hilo ndilo litakalomsaidia wa jioni kujua kama ataivuka jioni au aagize dumu sasa hivi.

Tatizo lina kanuni yake pia: ulichokiona, tangu lini, umefanya nini, na nani anasubiriwa. "Friji inasumbua" ikageuka kuwa hii: "Friji taa inawaka lakini haipoozi tangu saa 5 asubuhi. LUKU ina uniti za kutosha. Fundi amepigiwa, kasema atakuja saa 10. Asipokuja, maziwa ya pakiti yauzwe au yahamishiwe kwa jirani kabla ya magharibi." Usiandike "compressor imekufa" kama hujaifungua. Hiyo ni kazi ya fundi, na ukikosea, mwenye duka ataanza kutafuta pesa ya kitu ambacho hakijaharibika.

Kuhusu jamaa wa boti: andika jina kamili, namba ya simu na tarehe. "Akirudi" haina maana kwenye mwalo wa Kibirizi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa wavuvi wengi hupumzika, kwa hiyo ahadi ya "nikirudi" inaweza kuvuka hata nusu mwezi bila yeye kuwa tapeli.

Dhana: Droo ikipungua, jazia mwenyewe yaishe.

Hii inanikera karibu sawa na ile ya kwanza. Ile 2,500 ukiijazia kimya kimya, umefuta dalili. Pungufu dogo likijirudia zamu ile ile, mara nyingi ni chenji inayotolewa vibaya, au bidhaa iliyopanda bei ambayo mmoja bado anaiuza kwa bei ya zamani. Nitalijua hilo nikiona pungufu limeandikwa. Ziada nayo iandikwe. Ziada ya leo mara nyingi ni mteja aliyesahau chenji yake, na atairudia.

Dhana: Ya simu na ya droo ni pesa moja, jumlisha tu.

Ni pesa ya duka kweli, lakini hazihesabiwi kwa mkono mmoja. Ile 48,000 ilinganishwe na ujumbe wa miamala, muamala kwa muamala, maana kuna wateja wanaoonyesha ujumbe wa jana. Na kama duka lina uwakala, floti iwe na ukurasa wake kabisa.

Dhana: Kuandikiana ni kutoaminiana, sisi ni ndugu.

Daftari linamlinda ndugu zaidi kuliko mgeni, kwa sababu mgeni mtaachana naye tu.

Dhana: Anayetoka ndiye anayehesabu.

Kinyume chake. Anayeingia ahesabu, anayetoka asimame pembeni atazame, kisha wote watie sahihi na saa. Anayetoka ana haraka ya kwenda kula, na tayari anajua jibu analolitaka. Waandike kwa peni, si penseli, na kosa likatwe kwa mstari mmoja ili namba ya kwanza isomeke. Ukurasa uliopakwa wino mweupe mimi siupokei.