Cheksamu ya ISO: watu wanavyoamini na ukweli wenyewe

Ukishusha ISO, yaani lile faili kubwa la kuinstolia Linux, unatakiwa ucheki cheksamu yake: namba ndefu inayokokotolewa kutoka baiti zote za faili, unailinganisha na ile waliyotoa wenye ISO. Mfano natumia Linux Mint 22 Cinnamon maana wengi ndo wanaanzia hapo, na ISO yake ni karibu GB 3, sio kitu cha kudaunlodi mara mbili kama bando lenyewe la kuunga unga.

"Daunlodi imefika mwisho, saizi ni ileile, basi faili liko poa"

Si kweli. Saizi inakuambia idadi ya baiti tu, haikuambii baiti zenyewe ni zipi. Mtandao ukikatika katikati ukaendelea baadaye, au diski yako ikawa na sehemu mbovu, unaweza kupata faili lenye urefu sahihi kabisa ila ndani kuna kipande kimeharibika. Na ubaya wake ni kwamba flashi itawaka, menyu itatokea, halafu katikati ya kuinstoli unaona mistari ya `SQUASHFS error` au inaganda tu, na hapo mtu anaanza kulaumu laptopu, anabadilisha flashi, anagusa BIOS, kumbe shida ilikuwepo tangu kwenye ISO.

Kucheki ni kazi ya dakika moja. Shusha na lile faili dogo la `sha256sum.txt` lenye cheksamu za Mint, liweke folda moja na ISO, halafu kama uko Linux fungua terminal ndani ya folda hiyo:

```
sha256sum --ignore-missing -c sha256sum.txt
```

Ukiona `OK` mbele ya jina la ISO yako, vizuri. Ukiona `FAILED` usiiandike kwenye flashi. Kwa Windows fungua CMD ndani ya folda hiyohiyo:

```
certutil -hashfile linuxmint-22-cinnamon-64bit.iso SHA256
```

Hiyo itakupa herufi na namba 64, na hapo usilinganishe nne za mwanzo na nne za mwisho kama watu wanavyofanya. Kwa faili lililoharibika kwa bahati mbaya itakusaidia kweli, maana hata biti moja ikibadilika namba nzima inageuka, lakini mtu mwenye nia mbaya anaweza kulichezea faili lake mpaka hizo chache zifanane. We kopi ile uliyopata, nenda kwenye `sha256sum.txt` bonyeza Ctrl+F ubandike, ikipatikana kwenye mstari wa ISO yako basi zimelingana zote.

"Rufus au Etcher inaverifai yenyewe, sina haja"

Hii imewadanganya wengi sana. Etcher ikimaliza kuandika inasoma flashi na kuilinganisha na ISO iliyoko kwenye kompyuta yako, basi. Kama ISO ni mbovu, flashi itakuwa nakala kamili ya ISO mbovu na utaletewa alama ya kijani vilevile. Ni vitu viwili tofauti, na cheksamu inakuja kwanza.

"Cheksamu imelingana, kwa hiyo ISO ni salama"

Hapa ndo penyewe. Cheksamu inasema faili lako ni lilelile ambalo aliyeandika ile namba alikuwa nalo. Je, nani aliiandika?

Tarehe 20 Februari 2016 tovuti ya Linux Mint ilidukuliwa, linki za Mint 17.3 Cinnamon zikaelekezwa kwenye seva nyingine iliyokuwa na ISO yenye mlango wa nyuma. Sasa mtu aliyeweza kubadilisha linki kwenye ukurasa, kubadilisha na cheksamu iliyoandikwa hapohapo ni kazi ndogo, na ukicheki utapata zimelingana vizuri kabisa.

Ndo maana kuna saini, ambayo inatengenezwa kwa ufunguo wa siri wa Mint wenyewe. Shusha pia `sha256sum.txt.gpg`, ndo saini ya lile faili la cheksamu, uikague kwa programu ya gpg:

```
gpg --keyserver hkps://keyserver.ubuntu.com:443 --recv-key 27DEB15644C6B3CF3BD7D291300F846BA25BAE09
gpg --verify sha256sum.txt.gpg sha256sum.txt
```

Hiyo namba ndefu ya ufunguo usiniamini mimi wala mtu mwingine mmoja, itafute sehemu mbili tatu zisizohusiana uone kama ni ileile.

"Imetoa WARNING, basi saini ni feki"

Hapana, soma mstari wa juu yake. Kama kuna `Good signature` saini imekubali, na ile onyo la kwamba ufunguo haujathibitishwa linamaanisha tu wewe hujaiambia gpg kwamba unauamini, ndo maana nimesema ulinganishe namba ya ufunguo. Cha kuogopa ni `BAD signature`. Hapo futa kila kitu.

"Cheksamu ikifeli lazima nianze upya GB zote"

Sio lazima, kama saini ya `sha256sum.txt` ilikubali. Chukua torenti ya ISO hiyohiyo kutoka Mint, ifungue kwenye qBittorrent, sehemu ya kuhifadhi ichague folda yenye lile faili bovu na jina liwe lilelile. Itakagua kipande kwa kipande, vilivyo vizima inaviacha, inashusha vilivyoharibika tu. Ikimaliza rudia ile amri ya kwanza.