Sentensi tatu za mwalimu anayehamia mafunzo ya kampuni

Kazi yangu ni kusimamia mafunzo ya wafanyakazi katika kampuni yenye maduka kadhaa hapa Dar es Salaam. Simu yangu hupokea ujumbe mwingi wa walimu wanaotaka kuacha chaki na kuingia kwenye mafunzo ya kampuni, na karibu wote huja kwa sura moja: salamu ndefu, miaka ya kufundisha, mapenzi makubwa na kazi ya kufundisha, halafu "natafuta changamoto mpya". Chini yake kuna vyeti sita vilivyopigwa picha vikiwa juu ya kitanda.

Nawaambia wapunguze hadi sentensi tatu, salamu haihesabiwi. Si kwamba mimi ni mvivu wa kusoma. Ujumbe ukinivutia, mimi huufowadi kwa meneja anayehitaji mkufunzi, naye huusoma akiwa kwenye foleni ya magari au katikati ya kikao, na hafungui kiambatanisho chochote. Kwa hiyo maneno yenyewe lazima yajitosheleze mbele ya mtu asiyekujua kabisa.

Mtu huyo ana hofu mbili, na hazisemi. Anajiuliza kama unakimbia mshahara mdogo tu, na kama utawafundisha watu wazima kama watoto wa kidato cha pili. Hofu hizo huziondoi kwa kuapa kwamba una ari. Zinaondoka akiona kwamba kazi yenyewe umeshaifanya.

Nichukue mfano wa mwalimu mmoja wa Hisabati wa sekondari upande wa Temeke, aliyeniandikia ujumbe wa aina hiyohiyo. Nilimpigia nikamuuliza swali moja: umewahi kumfundisha mtu mzima jambo akalitumia kazini kwake? Akasema hapana. Tukaendelea na mazungumzo, na baadaye kidogo akataja, kama jambo la kupita tu, kwamba shuleni kwao yeye ndiye anayeendesha vipindi vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, kwa walimu wenzake wa Hisabati. Hapo ndipo nilipochukua kalamu.

Alinieleza kipindi kimoja. Walimu wenzake walikuwa wakisahihisha aljebra kwa kuweka alama ya X kwenye jibu na kuendelea mbele, kwa hiyo mwanafunzi hakujua amepotea wapi. Yeye akaleta madaftari halisi, akawapa wenzake dakika kadhaa watafute hatua ambayo kosa lilianzia, kisha wakajadiliana. Baada ya wiki mbili akaomba kuona madaftari mapya. Kati ya walimu wanane, watano walikuwa wameanza kuzungushia hatua yenye kosa.

Mtu wa mafunzo akisikia hivyo anakaa vizuri kwenye kiti. Mwaka 1959 Mmarekani Donald Kirkpatrick alianza kuandika juu ya namna ya kupima mafunzo kwa ngazi nne, na mpaka leo ofisi nyingi zinazitumia: washiriki waliyapokeaje, walijifunza nini, walibadili nini kazini, na kazi yenyewe ilipata matokeo gani. Shuleni tumezoea kuishia ngazi ya pili, kwa sababu mtihani ndio unaopima, na wakufunzi wengi wa kampuni nao huishia ya kwanza, ile fomu ya maoni inayojazwa kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu huyu alikuwa ameifikia ya tatu kwa kuomba madaftari tu. Na ule ujumbe wake wa kwanza haukuwa na hata neno moja juu ya jambo hilo!

Basi tukaandika upya. Huu hapa:

"Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Hisabati wa sekondari hapa Temeke, na pamoja na kufundisha wanafunzi ninaendesha mafunzo ya walimu wenzangu wanane, ambapo wiki mbili baada ya kipindi cha usahihishaji watano kati yao walikuwa wamebadili namna wanavyosahihisha. Kazi hiyo ya kuwafundisha watu wazima jambo wanalolitumia kesho yake ndiyo ninayotaka kuifanya muda wote, na nimeona mnaajiri makeshia wapya, ambao makosa yao ya hesabu nadhani naweza kuyafuatilia hadi yanapoanzia. Naomba kuja siku moja ya likizo ya Juni niendeshe kipindi cha dakika 20 mbele ya makeshia wachache, ili mnione nikifanya kazi kabla hamjaamua lolote."

Sentensi ya kwanza ni ushahidi. Angalia kwamba miaka ya kazi haimo, wala kiwango cha ufaulu wa kidato cha nne. Ufaulu ni sifa ya kweli, lakini meneja wa maduka hajui aupokee vipi, maana yeye hana mtihani wa taifa wa kuwapa makeshia.

Ya pili ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu hapo ndipo malalamiko hupenyeza: madarasa yamejaa, posho haziji, mkuu wa shule ana upendeleo. Yote yanaweza kuwa kweli, ila msomaji atabaki na hofu yake ya kwanza. Sababu ya kuhama iwe ni kazi unayoiendea, na iguse shida iliyoko kwenye kampuni hiyohiyo. Kama sentensi hiyo unaweza kuituma benki, hotelini na kiwanda cha saruji bila kubadili neno, bado hujaiandika.

Ya tatu iombe kitu kidogo ambacho mtu anaweza kukikubali bila kuitisha kikao. "Naomba kazi" inahitaji bajeti na nafasi iliyo wazi. Dakika 20 zinahitaji chumba na watu watano.

Kuna walimu wanaopita kiasi upande wa pili, wakaazima lugha yote ya ofisini mpaka mwalimu hasikiki tena. Hao nawatambua kwa swali moja tu: washiriki wako walifanya nini tofauti Jumatatu iliyofuata? Mwenye kazi halisi hujibu kwa kisa, na mwenye maneno huanza upya kuniambia ana ari.

Ujumbe huu una mipaka yake. Unafungua mlango tu, na ndani kuna mambo ambayo darasa halikukufunza. Shuleni una muhula mzima na vipindi vya dakika 40, wakati huku unapewa asubuhi moja, na kila keshia aliyekaa mbele yako ameacha kaunta ambayo mtu mwingine anaishikilia kwa manung'uniko. Andalio la somo litakusaidia sana, kwa sababu mpangilio wake uliozoeleka wa utangulizi, maarifa mapya na kuimarisha maarifa unafaa hata kwa watu wazima, ila geuza uzito. Kwa makeshia, maarifa mapya yachukue dakika tano na mazoezi ya kufunga hesabu za droo yachukue zilizobaki.

Usiambatanishe vyeti mpaka uombwe. Ukiitwa, njoo na andalio la zile dakika 20 kwenye ukurasa mmoja, na uwe na jibu la lini unaweza kuanza. Kwa mwalimu wa shule binafsi anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, lakini soma mkataba wako kwanza, kwani unaweza kudai zaidi. Walioko serikalini wana utaratibu wao kupitia mwajiri, na hao wauulize kabla ya kumtajia mtu yeyote tarehe.