Nuktamkato haipimi pumzi

Nimelisikia tena wiki hii, safari hii kutoka kwa mtu ambaye kuandika ripoti ndiyo kazi yake: mkato ni pumzi fupi, nuktamkato ni pumzi ndefu kidogo, nukta ni pumzi kamili. Alikuwa akinieleza kwa nini sentensi yake ilisomeka hivi:

*Wajumbe wote waliochaguliwa katika mkutano mkuu wa mwaka jana; wanatakiwa kuwasilisha taarifa zao kabla ya mwisho wa mwezi.*

Kwa hesabu ya pumzi, hana kosa hata moja. Kiima ni kirefu, na anayeisoma kwa sauti atatua kidogo baada ya "jana". Lakini alama aliyoiweka imewatenga watu na kitenzi chao. Kushoto kuna wajumbe ambao hawafanyi lolote, kulia kuna amri ambayo haina wa kuitii. Pale hapahitaji hata mkato.

Sentensi ya pili katika ripoti hiyohiyo ilikuwa: *Ingawa bajeti ilipitishwa mapema; utekelezaji haukuanza.* Hapa tena pumzi ipo, na hapa tena nuktamkato imeharibu. Kishazi chenye "ingawa" ni tegemezi, kinasubiri mwenzake. Nuktamkato inamwambia msomaji kwamba alichokwisha kusoma kimekamilika, ilhali hakijakamilika. Mkato ulitosha.

Imani hii ina asili yenye heshima, na ndiyo maana haifi. Maandishi yalikuwa yakisomwa kwa sauti zaidi ya yalivyosomwa kimyakimya, na alama zilimwongoza msomaji atue wapi. Mwaka 1762 Robert Lowth, katika sarufi yake ya Kiingereza, alieleza kwamba kituo cha nukta ni kirefu mara mbili ya kile cha nuktambili, cha nuktambili mara mbili ya kile cha nuktamkato, na cha nuktamkato mara mbili ya kile cha mkato. Ukiupa mkato pigo 1, unapata 1, 2, 4, 8. Ni hesabu nzuri ya kumfundisha mtu kusoma mbele ya hadhira. Lakini kama alama hizi zingetofautiana kwa urefu wa kimya peke yake, basi ungeweza kubadilisha moja kwa nyingine na kitu pekee ambacho kingebadilika ni mwendo wa msomaji. Maana ingebaki palepale. Haibaki, na nitaonyesha kwa sentensi mbili tu, za aina inayopatikana katika ripoti yoyote.

*Awamu ya pili ilichelewa. Fedha hazikutolewa.*

Kwa nukta, msomaji amepewa mambo mawili. Huenda yanahusiana, huenda ni orodha tu ya mabaya yaliyotokea. Mwandishi hajasema, na hawezi kushtakiwa kwamba alisema.

*Awamu ya pili ilichelewa; fedha hazikutolewa.*

Sasa mwandishi ameyaweka mambo hayo katika sentensi moja na kuyapa uzito sawa. Anasema: yasome pamoja, yanagusana. Bado hajasema yanagusana vipi. Nuktamkato hutangaza kwamba uhusiano upo, kisha humwachia msomaji autambue kutokana na maneno yenyewe.

*Awamu ya pili ilichelewa: fedha hazikutolewa.*

Hapa uzito hauko sawa tena. Nuktambili ina mwelekeo. Cha kushoto kinaahidi, cha kulia kinatimiza: kinafafanua, kinataja, au kinatoa sababu. Msomaji anaelewa kwamba ucheleweshaji ulitokana na fedha. Sasa geuza:

*Fedha hazikutolewa: awamu ya pili ilichelewa.*

Maneno ni yaleyale sita ya upande mmoja na mwingine, lakini lawama imehama. Sasa fedha zilizuiwa kwa kuwa kazi ilichelewa, na anayepaswa kujieleza ni msimamizi wa kazi, wala si aliyeshika fungu. Fanya jaribio hilohilo kwa nuktamkato na utaona kwamba ukigeuza, msisitizo unasogea kidogo tu. Mshitakiwa habadiliki, kwa sababu hakuwahi kutajwa. Hakuna hesabu ya pumzi inayoweza kueleza tofauti hiyo.

Kipimo changu, basi, ni cha maneno. Panapotakiwa nuktambili, jaribu kuweka "yaani", "kwa sababu" au "nayo ni haya". Moja ikikubali, nuktambili inafaa. Panapotakiwa nuktamkato, jaribu nukta. Pande zote mbili zikisimama zenyewe na bado ukahisi umezitenganisha mno, rudisha nuktamkato. Upande mmoja ukianguka, hiyo si nafasi yake.

Kuna jambo linalonisumbua hapa. Alama hufanya kazi kwa msomaji anayeijua. Wengi wa wanaosoma ripoti zetu hawakufundishwa kwamba nuktambili hubeba sababu; wanaijua kama alama inayotangulia orodha. Kwa hiyo katika mkataba, au katika taarifa ya ukaguzi ambamo mtu anaweza kupoteza kazi kutokana na sentensi moja, siitegemei. Naandika "kwa sababu" kwa herufi zote. Katika makala ya kawaida naiacha, na sijui ni wasomaji wangapi wanaiona kama nilivyokusudia.

Kuhusu "ni:" kabla ya orodha, kama *Vifaa vinavyohitajika ni: meza, viti na kabati*, nitasema haraka. "Ni" tayari imeunganisha vifaa na majina yake, na nuktambili inakuja kukata kiungo hicho. Iondoe. Orodha ikishuka kwa mistari, kila kifaa mstari wake, naiacha ipite, kwa kuwa hapo inamwonyesha msomaji aelekeze macho chini.

Ninapotumia muda mwingi zaidi ni kwenye "hata hivyo". *Kamati ilikutana mara tatu, hata hivyo haikufikia uamuzi.* Mwandishi anaiona "hata hivyo" kama pacha wa "lakini", hivyo anaipa mkato. Jaribu kuisogeza: *uamuzi, hata hivyo, haukufikiwa*. Imehama na sentensi imebaki salama. "Lakini" iliyounganisha vishazi viwili haihami hivyo. Inabaki kwenye kiungo, maana yenyewe ndiyo kiungo. Neno linaloweza kutembea ndani ya kishazi chake halishiki vishazi viwili pamoja. Linaeleza uhusiano tu, na kushika kunabaki kuwa kazi ya alama: *Kamati ilikutana mara tatu; hata hivyo, haikufikia uamuzi.* "Kwa hiyo" na "aidha" nazihesabu kundi hilohilo.

"Hivyo" inanitatiza. *Akidi haikutimia, hivyo mkutano uliahirishwa.* Hapa haitembei kwa urahisi, na sikio linaipokea kama kiunganishi. Vishazi vikiwa vifupi namwachia mwandishi mkato wake. Vikiwa virefu na vyenye mikato yao ndani, naweka nuktamkato ili kiungo kikubwa kionekane kuwa kikubwa. Mhariri mwingine atachora mstari mahali pengine, na sina hoja ya kumshinda.

Tena, si kila panapofuatana vitendo panahitaji nuktamkato. Kiswahili kina *-ka-*. *Kamati ilipokea maombi, ikayachambua, ikatoa mapendekezo.* Vitenzi vya pili na vya tatu vimening'inia kwenye cha kwanza, na mfuatano umo ndani ya vitenzi vyenyewe. Mkato unatosha kabisa. Lakini nimeona wanaotaka maandishi yaonekane rasmi wakiandika *Kamati ilipokea maombi; iliyachambua; ilitoa mapendekezo.* Nuktamkato zimekaa kisarufi, kila kipande kinasimama. Kilichopotea ni mpangilio: sasa ni mambo matatu ambayo kamati iliyafanya, na msomaji anakisia kwamba yalifuatana. Wameondoa uhusiano ulio wazi kwenye kitenzi, wakaweka alama isiyotaja uhusiano wowote. Huko si kurasimisha, ni kupunguza maana.

Nuktamkato ina kazi nyingine moja, ya kutenganisha vipengele ambavyo tayari vina mikato ndani yake. *Walihudhuria mwenyekiti, mhandisi, katibu, mwalimu, mhazini, na mhasibu.* Ni watu wangapi? Huenda sita, huenda watatu ambao kila mmoja ametajwa kwa cheo na taaluma. *Walihudhuria mwenyekiti, mhandisi; katibu, mwalimu; na mhazini, mhasibu.* Sasa ni watatu bila ubishi. Katika kumbukumbu za kikao, ambako akidi huhesabiwa kwa majina, tofauti hiyo inaweza kubatilisha uamuzi. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo pande za nuktamkato hazihitaji kusimama kama sentensi.

Imebaki dashi. Hapa wengi wanaandika kistari, kile kifupi kinachounga maneno, bila nafasi kushoto wala kulia, na msomaji anaona neno ambatani la ajabu katikati ya sentensi. Dashi ni ndefu kuliko kistari. Kama kibodi haikupi, andika vistari viwili na programu nyingi za kuandikia zitavigeuza.

Shida kubwa zaidi ni kwamba dashi inakubali kukaa popote. *Awamu ya pili ilichelewa — fedha hazikutolewa.* Inaonyesha kwamba kuna mkatizo, ikasisitiza kinachofuata, basi. Ni sababu? Ni nyongeza? Ni mshangao? Ninapokuta ukurasa wenye dashi nyingi namuuliza mwandishi, moja baada ya nyingine, alitaka kusema vishazi hivyo vinahusiana vipi. Mara nyingi anatafuta jibu hapohapo. Akilipata, dashi inageuka nuktambili, nuktamkato au neno.

Dashi mbili zinazozingira maelezo ya pembeni nazikubali katika maandishi rasmi, kwa sharti la kwamba sentensi ibaki nzima ukiyatoa yaliyo katikati. *Mkurugenzi — pamoja na wahasibu wake wawili — wametia saini.* Toa cha katikati na unabaki na *mkurugenzi wametia saini*. Upatanisho umevunjika, na hiyo ni ishara kwamba mwandishi aliwahesabu wahasibu kuwa sehemu ya kiima huku alama zake zikiwatoa nje. Achague: aandike "ametia" na kuwaacha wahasibu pembeni, au afute dashi na kusema *mkurugenzi na wahasibu wake wawili wametia saini*. Kwa hati inayohitaji saini tatu, chaguo hilo haliwezi kuachiwa mhariri.