Netiweki imejaa, intaneti hakuna: acheni kuniambia niwashe hotspoti

Wiki hii nimeambiwa tena: "Si uwashe tu hotspoti ya simu?" Aliyeniambia ni mwenzangu wa Dar es Salaam, mtu mwerevu na mwenye nia njema. Mimi nakaa Uyole, Mbeya, nasimamia hifadhidata za timu iliyotawanyika Dar, Nairobi na Berlini. Swali hilo nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja.

Vile vijiti vya netiweki kwenye simu vinapima kitu kimoja: nguvu ya mawimbi kati ya simu yako na mnara. Havijui lolote kuhusu njia inayotoka mnarani kwenda duniani. Mnara unaweza kuwa umesimama pale juu, una umeme, unakupa vijiti vyote, na nyuma yake waya umekatika kilomita nyingi kutoka hapa. Vijiti vikipotea kabisa, shuku mnara wenyewe, labda umeme ulikatika na betri zimeisha. Vikijaa na data haiendi, tatizo liko mbele zaidi, na kuhamia laini ya kampuni nyingine kunaweza kusisaidie chochote, kwa sababu kampuni mbili zenye rangi tofauti zinaweza kuwa zinapita kwenye mkongo uleule kando ya barabara ya Makambako.

Siku ninayoikumbuka vizuri, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, kazi ilisimama. Kwanza niliangalia kile kiboksi cha faiba ukutani. Taa yake ya LOS ingewaka nyekundu, mwanga usingekuwa unafika nyumbani: waya wa mtaani umekatika au umekunjwa, na hapo hotspoti ni jibu sahihi kabisa. Lakini LOS ilikuwa imezimika, na taa ya PON, inayoonyesha kiboksi kinaongea na kampuni, kijani imetulia. Nikajaribu hivi, kwanza ruta yangu, kisha anwani ya nje:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
```

Ruta ilijibu, nje kimya. Nikawasha hotspoti, vijiti vinne, kimya. Nikaweka laini ya kampuni ya pili, kimya. Njia tatu kufa kwa pamoja ni dalili ya njia moja ya pamoja iliyokatika.

Ndiyo maana niliwaambia wenzangu nitapotea nusu siku na si "muda kidogo". Mafundi hupima kwa mwanga kujua umbali wa mkato, huendesha gari hadi huko, huchimba, kisha huunga uzi mmoja mmoja, kila uzi na mwenzake wa rangi ileile. Mvua ikiwepo, muda huongezeka. Nakiri huo ni ukadiriaji wangu. Nimewahi kutangaza nusu siku, intaneti ikarudi baada ya dakika arobaini, na mwenzangu alikuwa ameshaacha kazi yake kushika yangu. Bado naona ni heri hivyo kuliko "narudi sasa hivi" inayowaweka watu wanne wakisubiri hadi jioni.

Data ikifa, SMS mara nyingine hupita, maana inahitaji nafasi ndogo sana kwenye njia ya akiba iliyobaki. Siitumi Berlini. Namtumia dada mmoja wa Dar, naye anaibandika kwenye chaneli ya timu kama ilivyo. Siku ile niliandika:

"Net imekatika Mbeya, faiba na simu. Sipo 09:00-14:00 EAT (06:00-11:00 UTC). Uhamisho wa malipo SIJAUANZA, msiuanzishe. SMS ijayo 11:30 EAT."

Haifiki herufi 160, kwa hiyo inakwenda kipande kimoja. Ukiweka emoji, kikomo kinashuka hadi 70, ujumbe unakatwa vipande, na kwenye njia iliyobanana kipande kimoja kinaweza kuchelewa au kupotea.

Sasa saa. Hapa ndipo ninapokasirika. Mtu wetu huandika "nitarudi saa nane", akimaanisha mchana, na wa Berlini anasoma saa mbili asubuhi, muda ambao umeshapita! Andika 14:00, andika na UTC, hata kama unamwandikia Mtanzania mwenzako, kwa sababu ujumbe utabandikwa mbele ya wengine.

Na sentensi ya uhamisho wa jedwali la malipo kwenye hifadhidata ndiyo nzito kuliko zote. "Sina mtandao" haimwambii mtu kama jedwali hilo limebaki nusu. Siku ile nilikuwa sijaanza. Ningekuwa nimeanza, ningetaja hatua ya mwisho niliyoiona ikikamilika kwa macho yangu, si ile niliyoituma na kudhani imefika.

Kuna siku hata SMS haitoki. Kwa hizo tumekubaliana kabla: ikifika 09:30 EAT sijaonekana na sijaandika, dada wa Dar anashika zamu yangu bila kuuliza, na kazi yoyote niliyoianza haiguswi mpaka nirudi.