Uga wa kitanzi cha mkondo na uga wa dipoli ya umeme: zinapofanana na zinapoachana

Dipoli ya umeme ni jozi ya chaji mbili zilizo sawa kwa kiasi na kinyume kwa alama, +q na −q, zilizotenganishwa na umbali mfupi d. Nguvu yake hupimwa kwa momenti p = qd, ambayo ni vekta inayotoka kwenye chaji hasi kwenda kwenye chaji chanya. Kitanzi kidogo cha mkondo hakina chaji yoyote ya kutenganishwa. Ni waya uliokunjwa duara, unaopitisha mkondo I na kuzunguka eneo A, na momenti yake ni m = IA, ikielekea upande ambao kidole gumba cha mkono wa kulia huonyesha pale vidole vingine vinapofuata mkondo. Waya ukizungushwa mara N, momenti inakuwa m = NIA. Kwa sura, vitu hivi viwili havihusiani kabisa. Hata hivyo, ukisimama mbali na kuandika uga wa kila kimoja katika umbali r na pembe θ kutoka kwenye mhimili, unapata hivi:

```
E_r = (1/4πε₀) · 2p cosθ / r³      B_r = (μ₀/4π) · 2m cosθ / r³
E_θ = (1/4πε₀) ·  p sinθ / r³      B_θ = (μ₀/4π) ·  m sinθ / r³
```

Weka m mahali pa p, na μ₀ mahali pa 1/ε₀, na safu ya kwanza inageuka kuwa ya pili bila kubadilisha kitu kingine. Ile 2 iliyo mbele ya cosθ inamaanisha kwamba, kwa umbali uleule, uga ulio juu ya mhimili ni mara mbili ya ule ulio katika bapa la katikati, ambako θ ni 90° na uga unaelekea kinyume cha momenti. Kipeo cha tatu cha r kinatokana na kukosekana kwa kipengele cha kwanza, kile cha 1/r². Kwenye jozi ya chaji kipengele hicho hufutika kwa sababu jumla ya chaji ni sifuri, na mtu angeweza kukirudisha kwa kuongeza chaji moja. Kwenye kitanzi hakuna njia ya kukirudisha, kwa kuwa mistari ya uga wa sumaku hujifunga yenyewe na haina mahali pa kuanzia.

Sababu ya kufanana huku ni kwamba nje ya chaji na nje ya waya, katika nafasi tupu na hali isiyobadilika kwa wakati, E na B hufuata milinganyo ileile: hakuna chemchemi na hakuna mzunguko. Milinganyo hiyo inaruhusu aina moja tu ya uga unaopungua kwa 1/r³ huku ukiwa na ulinganifu kuzunguka mhimili. Kwa hiyo kinachotoka kwenye chanzo na kufika mbali ni namba moja, yaani momenti, na umbo lote lingine limekwisha kuamuliwa.

Swali lenye manufaa zaidi ni umbali gani unatosha kuitwa mbali. Tuseme mwanafunzi wa Goma amepata kwa fundi wa kufunga mota waya wa shaba wenye vanishi, akauzungusha mara 50 katika duara lenye nusu kipenyo a cha sentimita 4, na kupitisha mkondo wa 2 A. Momenti ni 50 × 2 × π × 0,04², yaani karibu 0,50 A·m². Juu ya mhimili, sentimita 20 kutoka katikati, fomula ya dipoli inatoa mikrotesla 12,6. Fomula kamili ya kitanzi, B = μ₀NIa² / [2(a² + z²)^(3/2)], ambapo z ni umbali kutoka katikati juu ya mhimili, inatoa 11,8. Katika bapa la kitanzi, umbali uleule, dipoli inatoa 6,3 ilhali thamani halisi ni karibu 6,6.

Tazama alama za makosa hayo: fomula ya dipoli imezidisha uga wa mhimili na kupunguza uga wa pembeni. Uwiano wa viwili hivyo, ambao ungepaswa kuwa 2, ni 1,8. Ukisogea hadi sentimita 40, uwiano unafika 1,95. Sasa fanya hesabu ileile kwa jozi ya chaji ambayo nusu ya d ni sentimita 4: kwa sentimita 20 uwiano ni 2,3. Kwa hiyo kitanzi hukaribia 2 kutoka chini, na jozi ya chaji hukaribia 2 kutoka juu. Kipengele kinachofuata katika mfululizo ni cha aina moja kwa vyote viwili, kidogo kuliko kile cha dipoli kwa kiwango cha a²/r², lakini alama yake ni kinyume. Hiki, kwa maoni yangu, ndicho kipimo bora cha kujua kama umefika mbali, maana uwiano hauhitaji kujua mkondo wala idadi ya mizunguko.

Anayetaka kupima kwa kihisi cha sumaku kilichomo ndani ya simu atakutana na mambo mawili. Kwanza, uga wa dunia ni mkubwa kuliko wa kitanzi katika umbali huo, na hapa Goma sakafu na kuta za mawe ya lava zina madini ya sumaku yanayoupotosha zaidi. Dawa yake ni kuacha simu na kitanzi palepale, kusoma sehemu ya uga iliyo sambamba na mhimili, kugeuza mwelekeo wa mkondo, kusoma tena, na kuchukua nusu ya tofauti. Pili, kihisi hakiko katikati ya simu, mara nyingi kiko karibu na kona ya juu. Kwa kuwa uga hufuata kipeo cha tatu cha umbali, kukosea sentimita 1 kati ya 20 hubadilisha jibu kwa takribani asilimia 15, kosa linalofunika kabisa lile la asilimia 6 tulilokuwa tunalitafuta.

Ndani ya chanzo ufanano unavunjika moja kwa moja. Katikati ya jozi ya chaji, uga wa umeme unatoka chanya kwenda hasi, yaani kinyume cha p. Katikati ya kitanzi, uga wa sumaku unafuata m. Ukikifinya chanzo hadi kiwe nukta, tofauti hiyo haipotei, bali inabaki kama kipengele kilichojikusanya kwenye nukta yenyewe: −p/3ε₀ kwa dipoli ya umeme na +2μ₀m/3 kwa kitanzi. Mtu anaweza kudhani kwamba hayo ni mapambo ya hesabu, lakini elektroni ya atomu ya hidrojeni katika hali yake ya chini huonekana pia mahali ilipo protoni, na nishati yake hutegemea kipengele hicho. Nishati hiyo ndiyo inayoamua urefu wa mawimbi ya hidrojeni yanayopokelewa kutoka angani, ambao ni sentimita 21. Kama sumaku ya protoni ingekuwa jozi ya ncha mbili badala ya kitanzi, urefu huo ungekuwa sentimita 42.