Acheni kuwaambia wanaoanza walaze mgongo bapa kwenye benchi

Wiki hii nimeisikia tena kauli hiyo kuhusu zoezi la kulala chali kwenye benchi na kusukuma chuma juu kutoka kifuani, na safari hii imetoka kwa mtu anayefundisha wenzake: "Laza mgongo wote kwenye benchi. Ukiupinda unadanganya, na utavunja kiuno." Aliyekuwa anaambiwa hivyo ni kijana aliyeanza juzi tu, akatii. Akalala bapa, akapandisha miguu juu ya benchi ili mgongo ugandame vizuri, akawa anashusha chuma karibu na shingo huku viwiko vimetanuka kabisa pembeni. Chuma na sahani zake za uzito vilikuwa kilo 40, na kila aliposhusha alikunja uso. Nilipomuuliza panapouma alishika mbele ya bega. Kiuno hakikuwa na neno.

Tulimalize kwanza hilo la kiuno. Unapochuchumaa na chuma mabegani, uzito hushuka kupitia uti wa mgongo hadi miguuni. Ukilala chali na kusukuma, uzito hupita kwenye vigasha na mabega, ukaingia kwenye benchi kupitia sehemu ya juu ya mgongo. Kiuno hakimo njiani. Kinachoweza kukichosha ni misuli yake yenyewe inayoshikilia tao, yaani ule mpindo wa mgongo, na ukizidisha utapata mkakamao wa misuli. Mwenye tatizo la mgongo linalouma zaidi anapojipinda kwenda nyuma, huyo apunguze tao, tena sana. Wengine wote hawana sababu ya kuogopa nafasi ndogo iliyo kati ya kiuno na benchi. Nafasi hiyo wanayo hata wakiwa wamesimama.

Na huko kudanganya kunakosemwa? Kanuni za IPF, shirikisho la kimataifa la pawalifti, mchezo wa kushindana kunyanyua vyuma vizito, zinataka kichwa, mabega na makalio viguse benchi na miguu iwe sakafuni. Mgongo kuwa bapa hazikudai. Tangu 2023 zinadai pia upande wa chini wa kiwiko ufike usawa wa juu ya bega au chini yake, ili kuwazuia wale wanaojipinda hadi chuma kisiwe na safari yoyote. Anayeanza hana wepesi wa mgongo wa kufika huko hata akitaka.

Jambo ambalo karibu kila mtu analikosea ni mahali tao linapokaa. Watu husukuma kiuno juu wakadhani wamemaliza, ilhali kifua kimelala vilevile na mabega yamekuja mbele. Tao lenye faida liko juu, nyuma ya kifua, na huanzia kwenye makombe ya mabega. Lala macho yakiwa chini ya chuma, ukishike, kisha vuta makombe yakaribiane na uyashushe kuelekea mifuko ya nyuma ya suruali. Yakishakaa hapo, inua kidari kana kwamba unataka kukipeleka kwenye chuma, halafu ndipo utulize makalio. Ukifuata mpangilio huo, kiuno kitajipinda chenyewe kadiri kinavyohitaji. Ukifanya vizuri utahisi uzito wa mwili umejikusanya kwenye misuli ya juu ya mgongo, na shingo itakuwa huru.

Faida yake unaiona chuma kinapofika chini. Kifua kilichoinuka hukipokea chuma mapema, kwa hiyo mkono wa juu hauvutwi nyuma sana ya bega, na ni hapo ndipo sehemu ya mbele ya bega hunyooshwa ikiwa na mzigo. Vitabu huagiza makombe yabanwe vilevile mwanzo hadi mwisho. Mimi naona hata kwa wanyanyuaji wazuri yanasogea kidogo mzigo ukiwa mzito, na sioni kama ni kosa. Ninachokataa ni bega zima kuchomoka kwenye benchi mikono inaponyooka.

Miguu nitaisema kwa kifupi. Weka nyayo sakafuni, visigino chini ya magoti au nyuma yake kidogo, kisha sukuma sakafu kama unayetaka kuteleza kuelekea upande wa kichwa. Mabega yaliyogandama kwenye benchi yatakuzuia usiteleze, na mwili wote utakaza. Msukumo huo uuanze kabla chuma hakijashuka na uendelee nao hadi kirudi juu. Makalio yakiinuka, ujue unasukuma kwenda juu, au miguu umeirudisha nyuma mno. Asiyefika sakafuni vizuri aweke sahani pana chini ya kila mguu. Kusema kweli, anayeanza haongezi kilo nyingi kwa miguu. Anachopata ni utulivu, nao unamtosha.

Upana wa kushika usiuige kwa jirani. Kwenye chuma cha mashindano kuna alama mbili za pete, umbali wa sentimita 81, na hizo ni mpaka wa vidole vya shahada mashindanoni. Wanaoanza huzikimbilia kana kwamba ni agizo. Kipimo ninachokiamini ni kigasha: chuma kikiwa kimegusa kifua, mtu aliyesimama upande wa miguu yako aone vigasha vimesimama wima. Vikiinama kwenda ndani, umeshika karibu mno. Vikitanuka kwenda nje, umeshika mbali mno. Kwa wengi huangukia mahali fulani ndani ya zile pete. Chuma kikae chini ya kiganja, juu ya mfupa wa kigasha, na dole gumba likizunguke. Kushika bila kuzungusha dole gumba ni kuruhusu kilo 40 zikuangukie kooni.

Njia ya chuma sasa. "Shusha wima, pandisha wima" ni fundisho linalosikika safi, na ndilo lililomuumiza yule kijana. Juu, mikono ikiwa imenyooka, chuma kinakaa sawa na kiungo cha bega, kwa sababu hapo hakikuvuti upande wowote. Ukikishusha wima kutoka hapo kitaishia karibu na shingo, na viwiko havitakuwa na pa kwenda ila kutanuka. Kwa hiyo kinashuka kwa mshazari hadi usawa wa chuchu au chini yake kidogo, viwiko vikiwa kati ya mbavu na bega. Pembe kamili ya viwiko siitaji, kwa kuwa inategemea urefu wa mikono na upana wa kushika. Wakati wa kupanda, kirudishe juu na nyuma kuelekea usoni mapema, usingoje kifike katikati, maana kadiri kinavyokaribia usawa wa bega ndivyo bega linavyopata nafuu.

Yule kijana tulimrudisha kwenye chuma kitupu cha kilo 20. Miguu chini, makombe nyuma, mkono akauingiza ndani upana wa vidole viwili, akagusa chini ya chuchu. Alipofika tena kilo 40 bega lilikuwa kimya kwa mara tano mfululizo. Mara ya sita maumivu yalirudi, nami nikaona sababu: tulipumzika, na aliporudi alikitoa chuma kwenye kulabu za stendi zilizokuwa juu mno. Ilimbidi anyanyue mabega ili akifikie, na makombe yote tuliyoyapanga yakafunguka kabla hajashusha hata mara moja. Kulabu zinatakiwa zikae mahali ambapo viwiko vimebaki na mkunjo mdogo, kiasi kwamba ukivinyoosha chuma kinatoka chenyewe. Kama stendi haishuki zaidi, mtu asimame nyuma ya kichwa chako akutolee.